Daftari la ukarabati: namna ya kufuata bei, kianzio, kazi ya ziada na malipo ya mwisho ya kila fundi

Mara ya kwanza nilipokarabati nyumba nilikuwa na jedwali zuri kwa macho. Kila fundi alikuwa na mstari wake, na kwenye mstari kulikuwa na kisanduku cha bei na kingine cha kiasi alicholipwa. Nikimlipa tena, nilifuta tarakimu ya zamani na kuandika mpya. Akiongeza kazi, nilifuta bei na kuandika mpya. Kazi ilipoisha, fundi akaniambia bado ananidai, nami nikaona hapana, tumemalizana. Tulikaa kitako kila mmoja na hesabu yake. Jedwali langu lilikuwa na tarakimu moja tu ya mwisho, na sikuweza kueleza ilifikaje pale. Ilibidi nigawane naye hasara.

Kosa halikuwa kwenye hesabu. Lilikuwa kule kufuta. Kwa hiyo daftari ninaloeleza hapa lina sharti moja: kila jambo linalogusa fedha linapata mstari wake mpya, na mstari ukishaandikwa haufutwi. Bei iliyokubaliwa ni mstari. Kianzio ni mstari. Kazi ya ziada ni mstari. Jumla zote zinatoka kwenye fomula, wewe huziandiki kwa mkono.

Nitatumia mfano wa bafu moja lenye mafundi watatu: fundi bomba, fundi vigae na fundi umeme. Tarakimu sijazipa jina la sarafu, weka ya kwako. Fomula zinafanya kazi kwenye Excel na Google Sheets. Ikiwa programu yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, weka nukta-mkato (;) mahali pake. Hilo hutegemea mipangilio ya eneo ya kompyuta au ya faili.

Kwanza, linganisha bei kabla ya kumchagua fundi

Bei za mafundi ambao hukuwachagua hazina kazi kwenye daftari, zitavuruga jumla. Ziwekee laha yake, uiite Nukuu, yenye safu tano: fundi, bei aliyotoa, vitu ambavyo hakuvihesabu, makisio ya vitu hivyo, na bei kamili.

Safu ya tatu ndiyo yenye uzito. Kwenye bafu letu, mafundi bomba watatu walitoa bei za 2,700, 3,200 na 3,450. Wa kwanza anaonekana rahisi. Ukimsoma vizuri unakuta hakuhesabu kung'oa choo na sinki la zamani wala kutoa kifusi, ambavyo ni kama 300, na koki zote alitarajia uzinunue mwenyewe, kama 350. Bei yake kamili ni 3,350. Yule wa 3,200 aliweka vyote ndani. Kwa hiyo wa kati ndiye wa bei ya chini.

Swali la kumuuliza kila fundi ni lile lile: bei hii ni ya ufundi peke yake, au ni ya ufundi na vifaa? Kama ni pamoja na vifaa, vipi hasa, na vya aina gani? Jibu lake liandike neno kwa neno. Utalihitaji siku ya kulipa.

Pili, tengeneza laha ya Daftari

Hii ina safu sita, na mstari wa kwanza ni wa vichwa:

```
A: Tarehe
B: Fundi
C: Aina
D: Kiasi
E: Maelezo
F: Ushahidi
```

Ushahidi ni jina la picha ya risiti, namba ya muamala wa benki au simu, au tarehe ya ujumbe mliokubaliana. Mimi napiga picha risiti siku hiyo hiyo, maana karatasi nyingi za risiti hufifia zikikaa kwenye joto au juani.

Safu ya Aina ndiyo moyo wa daftari. Inapokea maneno saba tu. *Bei* ni kiasi mlichokubaliana mwanzoni. *Ombi* ni kazi ya ziada ambayo fundi ameitaja lakini hamjakubaliana. *Nyongeza* ni kazi ya ziada mliyokubaliana. *Punguzo* ni kitu kilichotoka kwenye kazi yake. *Kianzio* ni fedha ya kuanzia kazi, na *Malipo* ni fedha nyingine yoyote uliyompa baadaye. *Ununuzi* ni kitu ulichonunua dukani mwenyewe na kukilipia papo hapo.

Kiasi huandikwa chanya daima, hata kama ni punguzo. Aina ndiyo inayoiambia fomula ijumlishe au itoe. Ukianza kuchanganya alama za kutoa, kuna siku utaandika punguzo lenye alama ya kutoa, fomula italitoa tena, na punguzo litageuka nyongeza bila wewe kujua.

Usiandike majina ya mafundi na aina kwa mkono. Yawekee orodha ya kuchagua: bonyeza safu, nenda `Data`, kisha `Data validation`, na uweke maneno yanayoruhusiwa. Sababu ni kwamba fomula haijali herufi kubwa na ndogo, lakini inajali nafasi. "Fundi bomba" na "Fundi bomba " yenye nafasi moja mwishoni ni watu wawili kwake, na malipo ya yule wa pili hayataonekana popote.

Kwenye Kiasi usiandike kitu kingine zaidi ya tarakimu. Ukiandika "960 taslimu", programu inaona maneno, na fomula inairuka bila kulalamika. Dalili yake ni rahisi kuiona: tarakimu halali hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto.

Tatu, laha ya Muhtasari

Hapa kila fundi ana mstari mmoja, na hapa huandiki fedha hata kidogo. Vichwa ni hivi, kuanzia A hadi I: Fundi, Bei, Nyongeza, Punguzo, Jumla, Amelipwa, Salio, Kazi, Mbele. Andika majina ya mafundi kwenye safu A vile vile yalivyo kwenye orodha ya Daftari. Kisha kwenye B2 weka:

```
=SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$B:$B,$A2,Daftari!$C:$C,B$1)
```

Fomula hii inajumlisha viasi vyote vya fundi huyo ambavyo aina yake inafanana na kichwa cha safu. Iburute kulia hadi D2, kisha uishushe chini kwa kila fundi. Ikileta sifuri mahali unapojua kuna fedha, angalia kichwa: huenda umeandika "Nyongeza ya kazi" wakati Daftari linasema "Nyongeza".

Zilizobaki:

```
E2: =B2+C2-D2
F2: =SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$B:$B,$A2,Daftari!$C:$C,"Kianzio")+SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$B:$B,$A2,Daftari!$C:$C,"Malipo")
G2: =E2-F2
I2: =F2-E2*H2
```

Safu H, yaani Kazi, unaijaza mwenyewe kwa asilimia, nitaeleza jinsi. Ona kwamba Ombi halimo kwenye fomula yoyote. Linakaa kwenye daftari kama kumbukumbu na halibadilishi deni.

Nne, andika siku baada ya siku

Tumfuate fundi bomba. Tarehe 3 Machi mlikubaliana 3,200. Huo ni mstari wa Bei, na kwenye Maelezo unaandika: pamoja na koki, kung'oa vya zamani na kutoa kifusi, asilimia 10 ya Jumla inashikiliwa wiki mbili, kianzio 960 ni sehemu ya bei hii.

Hayo maneno ya mwisho yanaonekana ya bure hadi siku fundi anapokuambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya vifaa, haimo kwenye bei. Ugomvi huo nimeuona zaidi ya mara moja, na si lazima fundi awe tapeli. Yeye alipokea fedha, akaenda dukani, ikaisha, na kichwani mwake haijawahi kuwa ujira. Andikeni pamoja kabla hujampa chochote, au mtumie ujumbe naye ajibu kwamba amekubali.

Tarehe 5 Machi unampa 960, asilimia 30 ya bei. Mstari wa Kianzio.

Tarehe 14 Machi ukuta unafunguliwa, na bomba la zamani lililomo ndani limeoza. Mita sita zinahitaji kubadilishwa. Fundi anasema 280. Unaandika Ombi la 280, unaangalia bomba kwa macho yako, unalipiga picha, unakubali kwa ujumbe, kisha unaandika mstari mpya wa Nyongeza 280. Ombi huligusi, linabaki pale pale juu yake.

Mtu anaweza kuona mistari miwili kwa jambo moja ni usumbufu. Faida yake inaonekana kwa fundi vigae. Yeye aliomba 350 za kunyoosha ukuta kwa plasta kabla ya kubandika. Mliupima ukuta kwa rula ndefu na mkaona umepinda upande mmoja tu, mkakubaliana 220. Ombi 350, Nyongeza 220. Wiki tatu baadaye akikumbuka 350, na atakumbuka hiyo kwa sababu ndiyo aliyoitamka yeye, unamwonyesha mistari yote miwili na ujumbe wa kukubaliana.

Kazi ya ziada ikifanyika kabla ya kuandikwa, daftari limeshapoteza nguvu. Ukuta ukishafungwa na vigae vikiwa juu, huna namna ya kujua kama zilikuwa mita sita au mbili. Ndiyo maana nawaambia mafundi mapema: ziada isiyo na ujumbe wa kukubaliana sitailipa. Wazuri hawakatai, hata wao inawalinda.

Tarehe 16 Machi mabomba yote ya ukutani yamefungwa na yamejaribiwa kwa shinikizo bila kuvuja. Unamlipa 1,200. Mstari wa Malipo.

Tarehe 20 Machi inakuja hali inayowachanganya wengi. Unapenda koki fulani ya sinki na unaamua kuinunua mwenyewe kwa 170. Lakini koki ilikuwa ndani ya bei ya fundi, naye alikuwa ameihesabu kwa 150. Hapa kuna mistari miwili. Mmoja ni Ununuzi wa 170, na safu ya Fundi unaweka neno Duka, ambalo nalo unaliongeza kwenye orodha ya kuchagua. Wa pili ni Punguzo la 150 kwa fundi bomba. Ukiandika ule wa kwanza peke yake, koki umeilipia mara mbili. Ukiandika Punguzo la 170, unamdhulumu fundi 20 kwa kitu ambacho wewe ndiye ulitaka cha bei ya juu. Kiasi cha punguzo ni kile alichohesabu yeye, si kile ulichotoa dukani.

Muhtasari wa fundi bomba sasa unasoma hivi: Bei 3,200, Nyongeza 280, Punguzo 150, Jumla 3,330, Amelipwa 2,160, Salio 1,170.

Tano, angalia kama umelipa mbele ya kazi

Salio linakuambia unadaiwa kiasi gani kazi ikiisha. Halikuambii kama leo uko salama. Kwa hilo unahitaji safu ya Kazi.

Asilimia usiikisie kwa kuangalia chumba. Mwanzoni kabisa gawanya kazi kwa hatua zinazoonekana na ukubaliane na fundi uzito wake. Kwa fundi bomba tuliweka asilimia 60 kwa mabomba ya ndani ya ukuta yaliyojaribiwa, na 40 kwa kufunga choo, sinki, koki na bomba la manyunyu. Hatua ambayo haijaisha ni sifuri. Hakuna nusu ya bomba lisilovuja.

Tarehe 16 Machi, baada ya malipo, Jumla ilikuwa 3,480 kwa sababu punguzo bado lilikuwa halijaingia. Asilimia 60 yake ni 2,088. Amelipwa 2,160. Safu ya Mbele inaonyesha 72, yaani umetangulia kazi kwa 72. Ni kidogo, endelea. Ingekuwa 700, ningesimamisha malipo hadi hatua inayofuata ikamilike, kwa sababu fundi akiondoka hapo, hizo 700 zimeondoka naye na fundi mwingine ataidai kazi ile ile upya. Siku za mwanzo Mbele itakuwa kubwa kwa ajili ya kianzio. Hiyo ni kawaida, mradi inapungua.

Sita, jua fedha iliyo huru kweli

Chini ya Muhtasari weka visanduku vichache. Kwa mafundi watatu waliokaa mstari wa 2 hadi wa 4, na bajeti yote ikiwa imeandikwa B8:

```
B9:  =SUM(E2:E4)
B10: =SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$C:$C,"Ununuzi")
B11: =B8-B9-B10
B12: =SUM(F2:F4)+B10
```

B11 ni fedha iliyo huru. B12 ni fedha iliyokwisha kutoka mfukoni. Watu hutoa B12 kwenye bajeti na kufurahi. Angalia bafu letu jioni ya tarehe 20 Machi. Bajeti ni 8,500. Bei za mafundi ni 3,200, 2,400 na 900, jumla 6,500. Ziada ni 280 na 220, punguzo 150, kwa hiyo mafundi wote wamefika 6,850. Ununuzi ni vigae vya 1,100 na ile koki ya 170, jumla 1,270.

Fedha iliyotoka ni 2,160 kwa fundi bomba, kianzio cha 720 kwa fundi vigae, 450 kwa fundi umeme na 1,270 dukani. Jumla 4,600. Mtu anayeangalia fedha iliyotoka anaona amebakiwa na 3,900, na hapo ndipo kioo kikubwa chenye taa kinapoanza kuonekana cha lazima. Lakini 8,500 ukitoa 6,850 na 1,270 unabaki na 380. Zile nyingine 3,520 tayari zina wenyewe, bado tu hazijawafikia. Uamuzi wowote wa kuongeza kitu ufanye kwa kuangalia B11.

Saba, hakiki kila wiki

Ukaguzi ni wa namna mbili na hauchukui muda. Wa kwanza ni wa ndani, na fomula yake inakaa kwenye laha ya Muhtasari. Jumlisha Kianzio na Malipo yote kwenye Daftari bila kuangalia jina la fundi, kisha utoe jumla ya safu ya Amelipwa:

```
=SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$C:$C,"Kianzio")+SUMIFS(Daftari!$D:$D,Daftari!$C:$C,"Malipo")-SUM(F2:F4)
```

Jibu linatakiwa kuwa sifuri. Lisipokuwa, kuna jina lililokosewa au fundi aliye kwenye Daftari lakini hayumo kwenye Muhtasari.

Wa pili ni wa nje. Fungua taarifa ya benki au ya simu na utie alama kila muamala wa ukarabati dhidi ya mstari wake. Kosa la kusahau kuandika halionekani kwa fomula yoyote, kwa sababu tarakimu isiyokuwepo haina pa kugombana. Fedha taslimu ndiyo inayopotea zaidi. Ukimpa fundi 50 za nauli na vocha, ulizeni hapo hapo: inakatwa kwenye ujira au ni zawadi? Ikikatwa ni Malipo. Kama ni zawadi, iandike Ununuzi ili bajeti iione, na fundi hahesabiwi.

Nane, malipo ya mwisho

Turudi kwa fundi bomba. Amemaliza, anadai 1,320. Muhtasari wako unasema 1,170. Tofauti ni 150, na ukiitafuta kiasi hicho kwenye safu ya Kiasi unakutana na punguzo la koki. Yeye alijumlisha bei na ziada, akatoa alizopokea, akasahau koki. Ukimwonyesha mstari wenye tarehe, mazungumzo yanakwisha kwa dakika mbili. Tofauti nyingi hupatikana hivi: chukua kiasi mnachotofautiana, kitafute kwenye Daftari kama kilivyo, na kisipoonekana tafuta nusu yake, kwa kuwa kitu kilichojumlishwa badala ya kutolewa huleta tofauti mara mbili ya thamani yake.

Usimlipe 1,170 zote siku hiyo kama mlikubaliana mwanzoni kushikilia sehemu. Sisi tulikubaliana asilimia 10 ya Jumla, ilipwe baada ya wiki mbili za kutumia maji. Asilimia 10 ya 3,330 ni 333. Kwa hiyo leo anapata 837, na zile 333 zinabaki zikionekana kwenye Salio, bila mstari wowote mpya, kwa sababu kilichoshikiliwa ni deni lake na si punguzo. Lakini hili haliwezi kubuniwa siku ya mwisho. Kama halimo kwenye Maelezo ya mstari wa Bei, mlipe zote.

Ndani ya wiki hizo mbili kiungo chini ya sinki kilianza kutoa matone. Fundi alirudi, akakaza na kubadilisha mpira wa kuzuia maji, hakudai kitu. Asingerudi, ningemlipa mwingine, na kiasi hicho kingeingia kama Ununuzi na pia kama Punguzo kwake, nikiwa na picha na risiti ya aliyerekebisha.

Mstari wa mwisho ni Malipo 333. Salio linasoma sifuri. Mwombe fundi akuandikie kwa ujumbe au kwa karatasi kwamba amepokea 3,330 zote na hakuna anachodai, weka jina la picha yake kwenye Ushahidi, kisha uhifadhi nakala ya faili pamoja na folda ya risiti mahali pawili. Fundi vigae bado anakusubiri na 350 zake.